Neno Moja Safi

Shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Kazi ya sauti sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kufungua redio za watu zilizokufa, nikaja kukodisha spika kwenye maharusi ya Bigwa na Mlali, na filamu zilipoanza kupigwa hapa Morogoro, mimi ndiye niliyeitwa. Nina maiki moja ndefu, rekoda ndogo ya kuning'iniza kifuani, hedifoni, na mwanzi nilioukata mwenyewe Kinole, mrefu, mwepesi, ulionyooka. Maiki naifunga kwenye ncha ya mwanzi. Basi, ndiyo studio yangu.

Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba yaliyotokea siku ile hayakuletwa na ujinga. Nilijua la kufanya. Nililifanya. Halikusaidia.

Dada yangu ndiye mkubwa kwetu. Miaka yote aliuza sokoni mdalasini, pilipili manga na ndizi zinazoshuka kutoka milimani, na mji mzima ulimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta jiwe juu ya jiwe. Alipoita wateja walikuja hata wasiotaka kununua. Kisha ile mikwaruzo ikazidi, akaanza kumeza chakula kwa taabu, tukampeleka Dar. Madaktari wakaangalia koo wakasema koromeo linatolewa lote. Atapona, walisema, atapumulia kwenye tundu shingoni, ila kusema ndiyo basi. Siku ya kupasuliwa ikapangwa iwe Jumatatu.

Alhamisi ya kabla ya hiyo Jumatatu ndiyo tulikuwa tunapiga filamu.

Hiyo filamu ilikuwa ya enzi za Mjerumani, na kisa chake kilitoka kwetu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na mtoto wa kiume, mjomba wetu mkubwa, ambaye wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza askari walimjia kumchukua akabebe mizigo. Walimkuta na mama yake barabarani hapa mjini, karibu na reli. Bibi alitusimulia tukiwa wadogo, na kila mara alisimulia vilevile. Askari alifika, akamwuliza baba wa mtoto yuko wapi, ampe taarifa. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni mtu wa kuheshimiwa, lakini mtoto si wake wa kumtoa. Bibi akataka kumwambia hivyo. Alikuwa nayo maneno tayari: "Usimwulize baba yake. Baba ni mgeni. Mtoto huyu ni wa mama zangu. Ukimtaka, niombe mimi!"

Hakuyasema. Kwa nini? Kwa sababu yule askari alikuwa mtu aliyelelewa. Kabla bibi hajafungua kinywa, alimwamkia. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia, "Marahaba." Na ukishaitikia salamu ya mtu, alituambia, huwezi tena kumpigia kelele. Yale maneno yakabaki kooni. Mjomba akaenda, na hakurudi.

"Niliitikia," bibi alikuwa akimalizia hivyo. "Ningefanyaje?"

Kisa hicho dada alimsimulia kijana mmoja wa filamu aliyekuja sokoni kununua iliki. Kijana akakaa juu ya gunia akasikiliza mpaka mwisho. Kijana huyo ndiye mwongozaji, alitoka Dar, mwembamba, mwenye heshima zake. Akaandika filamu, na katika filamu yake yule mama hanyamazi. Yale maneno anayasema, kwa sauti, barabara nzima isikie. Akamwomba dada awe yeye huyo mama. Dada hakuwahi kuigiza hata kwenye ngoma ya harusi. Alikubali papo hapo.

Akaniambia, "Mdogo wangu, hili koo nitalitupa, lakini kwanza litoe yale ya bibi. Wewe uyashike."

Mimi ndiye niliyeambiwa niyashike. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Barabara yenyewe mwongozaji aliichagua kwa macho. Ina jumba la zamani la mawe lenye matao, na ukikata picha vizuri huoni nguzo ya umeme wala bango la simu. Macho ya kamera unaweza kuyaziba. Unamsogeza mtu huku, unaweka gunia kule, Mjerumani anarudi. Masikio hayazibiki hivyo. Nilipovaa hedifoni asubuhi ile nilisikia mashine ya kusaga, fundi anayekata vyuma kwa msumeno wa umeme, redio tatu zikigombana, bodaboda kama nyuki, na chini ya hayo yote mngurumo mmoja mnene uliokuwa haukomi, nikashindwa kujua ni wa nini.

"Mzee, ikoje?" mwongozaji akauliza.

"Enzi za Mjerumani kulikuwa na bodaboda?"

"Tutaisafisha kwenye kompyuta, mzee."

"Kijana, wewe umewahi kutoa chumvi kwenye mchuzi?"

Akacheka, lakini aliniangalia kama mtu aliyeshikwa. Nikamweleza. Kelele ikiwa pembeni ya neno, unaikata unaitupa. Ikipanda juu ya neno lenyewe, hapo hapana. Ukiipunguza, na neno linaliwa, linabaki kama mtu anayesemea ndani ya ndoo. Nikamwomba kwanza tumchukue dada mahali patulivu, aseme maneno yake mara kadhaa mbele ya maiki tu, bila kamera, tuwe na akiba. Akakubali. Aliyekataa ni dada mwenyewe.

"Chumbani?" akasema. Alikuwa ameshavalishwa kaniki na kamba ya shanga, amekaa kwenye kigoda. "Bibi alinyamaza barabarani. Mimi nikaseme chumbani, nimwambie nani? Kitanda?"

"Dada, ni akiba tu."

"Sauti yangu imebaki kidogo kama unga wa mwisho. Nisiutie kwenye sufuria mbili."

Daktari alishamwonya asipaze sauti. Kila akisema sentensi mbili alikohoa na kushika shingo. Nikaona ana haki. Nikaenda kupunguza kelele.

Ule mngurumo mnene niliufuata kwa maiki mkononi, nikiielekeza huku na huku, mpaka ukanipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi chini ya matao. Ni friji la soda. Mwenye duka ni Mhindi mmoja mzee, babu yake alifika hapa na reli, Kiswahili chake cha mjini kuliko changu. Nikamwomba alizime.

"Nikizima utasahau kuwasha," akasema. "Soda zitachemka, nitakunywa mwenyewe chai ya soda."

Nikatoa ufunguo wa nyumba yangu nikauweka ndani ya friji, juu ya chupa. "Sasa siwezi kwenda nyumbani bila kukuwashia."

Akacheka mpaka akashika meza. Akalizima na feni pia, akanipa mablanketi yale mazito ya kufungia vioo. Nikayatundika kwenye ukuta wa mawe, upande ambao kamera haioni, maana ukuta mtupu unarudisha kelele ya barabara mara mbili. Mwenye mashine ya kusaga akakubali kusimama tukimpungia mkono. Fundi wa vyuma akakubali. Redio mbili zikakubali, ya tatu ikapunguza. Bodaboda hawakukubali wala hawakukataa. Walisema, "Sawa, mzee," wakaendelea kupita.

Maiki niliiweka juu ya kichwa cha dada, nje kidogo ya picha, nikaiinamisha ielekee kinywani. Watu hudhani ni urembo. Maiki ndefu husikia zaidi kule inakoelekea, na ikitazama chini, nyuma ya kinywa inakuta vumbi tu, ambalo halina kelele. Ukiiweka usawa wa uso itamsikia dada na barabara yote iliyo mgongoni kwake. Na ukaribu. Ukaribu ndio kila kitu. Ukipunguza umbali nusu, sauti ya mtu inakua, lakini barabara inabaki ilivyo. Nilimwambia mpiga kamera abane picha, aniruhusu nishuke. Akabana. Nikashuka mpaka nikaona kivuli cha maiki kinataka kuingia kwenye paji la uso wa dada, nikapandisha kidogo. Kimaiki cha kubana kwenye nguo, alichokuja nacho mwongozaji, sikukitumia. Kaniki na shanga vilikuwa vinasuguana, ningerekodi nguo.

Askari wetu alikuwa Mnyamwezi mmoja mpiga domo, mtani wetu wa jadi, amevaa kaki na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo.

"Bibi, leo nakuchukulia mtoto na wewe mwenyewe nakuoa," akamwambia dada.

"Utanilisha nini, wewe mbeba mizigo? Nyie ndio mliotufikisha hapa."

"Nitakulisha asali."

"Anza kwa kujilisha mwenyewe, kofia imekuzidi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

"Kimya! Sauti?"

"Inaingia."

"Kamera? Haya... akshen!"

Askari akaja, akauliza baba yuko wapi. Dada akainua uso. Kwenye hedifoni ile sauti ikapanda kama inatoka chini ya ardhi. "Usimwulize baba yake..."

"Shikamoo, bi mkubwa!" Mwanamke mwenye kapu la mchicha, ng'ambo ya kamba tuliyofunga.

"Marahaba, mwanangu, watoto hawajambo?" dada akajibu, uso haukugeuka hata kidogo, bado anamtazama askari kwa hasira.

"Kata!"

Mji mzima ulimjua, nimeshasema. Miaka yote ile sokoni, nani hakuwahi kupewa ndizi ya bure na yule mwanamke? Tukarudia. Mzee mwenye baiskeli akapita, akamwamkia. Dada akaitikia. Tukarudia. Wanafunzi, wengi kwa pamoja, "Shikamoo bibiii!" Akaitikia. Kila mara maneno yalifika mahali tofauti yakakatika, na kila mara alikohoa zaidi.

Mwongozaji akachuchumaa mbele yake. "Bibi, nakuomba. Ukisikia salamu, usiitikie. Jifanye husikii."

"Nisipoitikia watasema nimekuwa mtu wa sinema."

"Nitawaeleza mwenyewe, bibi."

"Haya. Nitajaribu." Kisha akaniambia mimi, polepole, "Inatoka yenyewe. Kinywa kinaitikia kabla sijakiuliza."

Mwongozaji akamtuma askari wetu asimame kwenye kona, tulipokuwa tunatengeneza taa, awaambie wapitao wasimwamkie yule bibi. Hapo ndipo tulipoharibu kabisa. Ukimwambia mtu wa hapa asimwamkie mwanamke mzima anayemjua, atafikiri nini? Wakaanza kuja. Wakapita chini ya kamba, kanga kichwani, nyuso zimeshuka.

"Kuna msiba?"

"Nani amefariki?"

"Pole sana, dada. Mbona hamkutuambia?"

Mmoja akaanza kulia. Dada akawa anawafariji watu kwa msiba ambao haupo, kwa sauti ile ile niliyotakiwa kuishika, inatoka, inapotea hewani, rekoda haijawashwa. Nikasimama na mwanzi wangu namtazama. Nilitaka kumziba mdomo kwa kiganja. Ni dada yangu mkubwa. Ungemziba?

"Mnyamwezi, umetuulia mtu mzima mzima," nikamwambia askari.

"Mimi nimesema tu msimwamkie. Nyie Waluguru mnapenda msiba."

Jua lilikuwa linapanda, kivuli cha matao kinakimbia, na ruhusa ya barabara ilikuwa mpaka adhuhuri. Tukawatoa watu. Tukajipanga upya.

Ndipo umeme ukakatika.

Sijui kama naweza kulieleza hilo kwa asiyekuwa na hedifoni masikioni. Redio ya tatu ilikufa. Mashine ilikufa. Msumeno ulikufa katikati ya chuma. Vitu ambavyo sikujua vinalia, vilinyamaza. Nikasikia kunguru. Nikasikia maji ya mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Nikasikia pumzi ya dada ikipita kwenye koo lake bovu, kama mtu anayepangusa sakafu kwa ufagio mkavu. Nikapiga kelele, "Sasa! Sasa hivi! Sauti inaingia!"

"Kamera... betri! Betri ya kamera!" mpiga kamera akajibu. Akaitoa ya zamani, akaingiza nyingine. Nilikuwa tayari, dada alikuwa tayari, kinywa kimefunguka. Kamera ikawaka. Na kule mwisho wa barabara, jenereta la kwanza likavutwa kamba. Ta-ta-ta-ta. Kisha la pili. Kisha la duka la simu. Kila mwenye duka na jenereta lake mlangoni, na yale madogo ya Kichina ndiyo yenye kelele kuliko yote. Enzi za Mjerumani ziliondoka kabla hatujasema akshen.

Tukaenda mlango kwa mlango kuomba. Wengine wakazima, Mungu awabariki. Wengine walikuwa na mteja kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa.

"Mara moja," dada akasema niliporudi. Alisema kwa kunong'ona. "Nina mara moja tu. Nimejisikia."

Nikashusha maiki kuliko nilivyowahi. Mpiga kamera akapandisha kidole: inaingia kwenye picha. Nikamwambia abane zaidi, uso tu, macho na kinywa. Akabana. Nikapunguza nguvu ya rekoda kwa sababu nilijua atapaza, sauti ikizidi inapasuka na haitengenezeki. Mikono ilikuwa inawaka moto begani. Mwenye duka akasimama mlangoni pake, kidole mdomoni, anawatazama wapita njia kwa macho makali. Mnyamwezi naye hakutania.

"Akshen," mwongozaji akasema, polepole, kama anaomba dua.

Askari akauliza. Dada akainuka kwenye kigoda. Hatukumwambia ainuke. Nikamfuata na mwanzi. Akajaza kifua, akafungua kinywa.

Bodaboda.

Ilikata kona kutoka upande wa sokoni, haina bomba la kupunguza mlio, ikaja moja kwa moja mpaka kwenye kamba. Dada hakusimama. Nilimwona, midomo inatembea, mishipa ya shingo imesimama, anayatoa yote. Usimwulize baba yake. Baba ni mgeni. Niliona kila neno kwa macho. Masikioni nilikuwa na injini tu. Nikageuza mwili wangu nikazuie kwa mgongo, kana kwamba mgongo wa mzee unazuia injini. Mtoto huyu ni wa mama zangu. Kinywa kikasema.

Na yule kijana wa bodaboda akamwona. Akamtambua. Na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa, hakutaka kumwamkia mtu mzima huku chombo kinanguruma. Alizima injini. Akavua kofia yake ngumu.

Kukawa kimya. Sijui kwa nini hata majenereta yalionekana yako mbali. Maiki ilikuwa kiganja kimoja juu ya midomo ya dada, inatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Iliingia. Ninavyoijua sauti, sijawahi kushika neno safi kama lile tangu nianze. Halina vumbi, halina upepo, na mikwaruzo yake yote imo.

Hakuna aliyesema kata. Dada alikuwa bado amesimama, amemwelekea askari, mkono ameuinua kwa ajili ya lile la mwisho, niombe mimi. Akafungua kinywa. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena. Kwenye hedifoni nikasikia hewa, na ndani ya hewa kama uzi unaokatika, kisha kikohozi kilichomkalisha chini.

Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, nimekosea?"

Nikamwambia, "Hujakosea."

Hatukukubali hivyo hivyo. Tulimpeleka stoo ya yule mwenye duka, nyuma kabisa, katikati ya mifuko ya saruji, tukamzungushia mablanketi. Ni mahali pakavu pa sauti, pazuri kuliko studio. Tukampa maji ya uvuguvugu na asali. Yeye aliyekataa chumba, sasa alikaa ndani ya chumba akaniangalia. Nikasogeza maiki mpaka karibu iguse midomo. Nikafungua nguvu yote ya rekoda.

"Dada, hata kwa kunong'ona."

Akajaribu. Nikasikia ulimi ukigusa meno. Nikasikia mate. Kama ingekuwa kazi ya mashine kuvuta kitu kutoka kwenye koo la mtu, maiki ile ingevuta. Lakini maiki haiongezi kisichokuwepo. Hilo nilikuwa nalijua miaka mingi, na nililirudia moyoni pale kama mtu anayehesabu tasbihi.

Akanishika mkono, akaushusha. Maiki ikagusa magoti yake, ikatoa mshindo mkubwa masikioni mwangu. Ndiyo sauti ya mwisho kwenye rekoda siku ile. Umeme uliporudi nikaenda kuwasha friji, nikachukua ufunguo wangu. Ulikuwa bado una baridi.

Jumamosi tukapanda basi kwenda Dar. Jumatatu wakamtoa koromeo.

Mwongozaji hakuwa mtu mbaya. Alikuja hospitali na machungwa. Akaniambia picha ni nzuri mno kutupwa, na filamu ina watu waliokwisha kufanya kazi. Akatafuta msichana mmoja wa Dar, msichana akakaa mbele ya picha ya dada, akayasema yale maneno kwa kufuata midomo. Alifuata vizuri. Midomo ilipofika kwenye marahaba walikata picha wakaonyesha uso wa askari. Siku ya kuonyeshwa filamu ukumbini hapa mjini dada alikaa safu ya mbele, kitambaa cheupe shingoni, akajitazama akipaza sauti ya mtoto wa watu. Ukumbi ulipiga makofi. Alipiga na yeye.

Ile rekodi ninayo. Sikumpa mtu, na aliyeiomba nilimfukuza. Siku moja dada alikuja kwangu Bigwa, amekaa barazani anachambua mchele, nikamvalisha hedifoni. Nikamwekea pale kimya kinapoanzia. Sikumwambia ni nini.

Alisikiliza. Akainua kidole: tena. Nikarudisha. Tena. Akazibana hedifoni kwa viganja vyote viwili, macho amefumba, na midomo yake ikatembea pamoja na lile neno, inalikuta pale pale lilipo. Kisha midomo ikaendelea. Naijua midomo ile ilikuwa inasema nini, niliiona siku ile chini ya maiki. Mara hii ilifika mpaka mwisho, mpaka niombe mimi, na mkono wake wenye punje za mchele ukainuka. Haikutoka hata pumzi mdomoni. Pumzi yake sasa inatokea shingoni.

Barabarani akapita jirani yetu, mwanamke kijana, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, bibi!"

Dada hakusikia, hedifoni zilikuwa masikioni. Yule mwanamke akasimama, anasubiri, kama alivyofundishwa kwao.

Nikaitikia mimi. Ningefanyaje?